Ngozi ya mdudu mpaka ilie: nilichojifunza kwenye nyama ya tumboni

Mara ya kwanza kuchoma nyama ya tumboni ya nguruwe pamoja na ngozi yake ilikuwa Jumapili moja ya mwezi wa 11, huku Uingereza ninakoishi, baridi ishaingia, na shemeji yangu alikuwa amefika kutoka Moshi wiki ileile. Nilitaka ale kitu ambacho Waingereza wanakiita krakling, yaani ngozi ya nguruwe iliyochomwa mpaka ikavimba malengelenge, ukiitia kisu inapasuka kwa sauti. Kitimoto chetu cha nyumbani anakijua kuliko mimi, cha kukaanga na ndizi na pilipili pembeni, ila kule ngozi huwa inabaki laini inavutika, na mi nilitaka aione hii nyingine. Basi nikanunua kipande supamaketi, kimebanwa kwenye plastiki na ngozi ishachanjwa tayari, nikakitoa humo nikakipaka mafuta, chumvi, kitunguu saumu na limao juu ya ngozi, nikakifunika na foili nikakitia kwenye oveni digrii 180 kwa masaa mawili. Nyama ilitoka laini kabisa. Ngozi ilikuwa ya kahawia, inapendeza kwa macho, na haitafuniki. Shemeji alijaribu, akaisogeza taratibu pembeni ya sahani, akasema, "Shem, nyama imeiva safi sana, ila hii ngozi naona meno yangu hayajaizoea."

Ilinikaa moyoni ile, maana mtu ametoka mbali na nilikuwa nimemwahidi.

Wakati huo nilikuwa naosha vyombo jikoni kwenye baa moja inayopika chakula cha mchana cha Jumapili, ile rosti yao ya nyama na viazi na mboga na mchuzi mzito. Mpishi mkuu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, si mtu wa maneno mengi. Nikamweleza kila kitu nilichofanya, mafuta, chumvi, digrii, masaa, akanisikiliza mpaka mwisho afu akaniuliza swali moja tu: "Jumamosi usiku hiyo nyama ilikuwa wapi?" Nikamwambia ilikuwa kwenye friji, ndani ya plastiki yake. Akanishika bega akanipeleka kwenye chumba cha baridi, akafungua mlango, na pale kwenye kichanja cha chini kabisa kulikuwa na vipande vinne vikubwa vya nyama ya tumboni vimelala juu ya waya, wazi, havijafunikwa na chochote, ngozi juu. Akaniambia weka kidole. Nikagusa. Ngozi ilikuwa kavu na imekaza kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa, hata kidole hakinati. Vilikuwa humo tangu asubuhi ya siku iliyopita na vilikuwa vya kuchomwa Jumapili.

Pale ndo nilielewa kwamba nilikuwa natafuta kosa kwenye oveni wakati kosa lilikuwa kwenye friji.

Nieleze kidogo kinachotokea kwenye ngozi, kwa sababu ukishaelewa hapa mengine yote yanafuata yenyewe. Ngozi ya nguruwe kwa sehemu kubwa ni maji na kolajeni, ile protini ya kamba kamba inayofanya ngozi iwe ngumu. Kolajeni ikipata joto pamoja na unyevu kwa muda inalainika inageuka jelatini, ndo ile inayofanya supu ya makongoro ikipoa igandane kwenye bakuli. Sasa ukiishia hapo unapata ngozi laini ya kunata, kama ya kitimoto cha kuchemsha. Ili ipasuke inabidi maji yale mengi yaondoke, yabaki maji kidogo sana ndani ya ngozi iliyokwisha kulainika, afu joto kali liigonge ghafla, yale maji kidogo yageuke mvuke, mvuke uisukume ngozi ivimbe, na ngozi ikauke papo hapo ikiwa imevimba. Kila lengelenge unaloliona ni mvuke uliokuwa unatafuta njia ya kutoka. Maji yakiwa mengi mno, joto lote la oveni linaishia kuyakausha hayo maji, na wakati yanakauka ngozi haiwezi kupanda sana juu ya digrii 100, kwa hiyo inajichemsha tu na kukazana. Ndo ngozi niliyompa shemeji. Plastiki iliifanya ilowe usiku kucha, limao likaongeza maji, na foili ikarudisha mvuke wote juu yake, mi nikawa kama naichemsha kwenye sufuria iliyofunikwa.

Tangu siku ile nimechoma nyama hii mara nyingi sana, na ntaeleza moja niliyoifanya mwaka jana kwa ajili ya watu sita, kwa sababu ilienda vizuri karibu yote na pale ilipokosea nilijua kwa nini.

Nyama niliichukua kwenye bucha Jumamosi asubuhi, kilo 2.2, haina mifupa, unene kama sentimita 5 na nusu, na nilichagua kipande chenye unene unaolingana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hilo la unene nalisisitiza kwa sababu kipande ambacho upande mmoja ni mwembamba utapata pembe iliyoungua na pembe ambayo bado. Nikamwambia muuza bucha asinichanjie, nitachanja mwenyewe. Wengi wanachanja kwa haraka na kisu kinafika mpaka kwenye nyama, na hilo ndo kosa ambalo watu hawalijui. Mkato unatakiwa upite ngozi uingie kwenye mafuta meupe yaliyo chini yake na uishie humo humo. Ukifika kwenye nyama, nyama ikipata moto itatoa maji yake na hayo maji yatapanda kupitia ule mkato yachemke juu ya ngozi, na utakuta mstari mzima umebaki mlaini na wa kahawia iliyokolea wakati pembeni yake kumevimba vizuri. Ukiona mistari ya namna hiyo kwenye ngozi iliyoiva ujue kisu kilizama.

Mi natumia kile kisu cha kukatia maboksi, kina wembe unaobadilishika, naweka wembe mpya ambao haujawahi kutumika na kazi nyingine, nautoa nje kidogo tu ili hata nikisukuma usizame. Nyama naiweka kwenye friza kama nusu saa kwanza ili mafuta yakaze, kwa sababu ngozi ikiwa ya uvuguvugu inateleza na wembe unakimbia, na vidole viko karibu. Mistari inaachana kama sentimita 1, yote kuelekea upande mmoja, na naichora kwa mwelekeo nitakaokuja kukatia vipande mezani, kwa sababu ngozi ikishavimba kisu kinafuata njia iliyopo.

Baada ya kuchanja nikaigeuza, upande wa nyama nikaupaka chumvi, pilipili manga, kitunguu saumu kilichopondwa na mbegu za shamari zilizotwangwa. Vyote hivyo ni upande wa chini tu. Kwenye ngozi hakuendi kitunguu saumu kwa sababu kinaungua kwenye joto kali na kinakuwa kichungu, wala asali, wala sosi ya soya, wala kitu chochote chenye maji au sukari. Nikaigeuza tena, nikaikausha ngozi kwa tishu za jikoni, nikibonyeza mpaka tishu zinatoka kavu, afu nikasambaza chumvi kama kijiko kimoja cha chai juu ya ngozi nzima na kuisugua iingie kwenye mikato. Nikaiweka juu ya waya na trei chini yake, nikaipeleka friji kichanja cha chini kabisa bila kufunika. Kichanja cha chini kwa sababu ni nyama mbichi iko wazi, ikidondosha kitu isidondoshee chakula cha watu, na friji yenyewe iwe na baridi ya kweli, digrii 5 kushuka chini. Kama friji imejaa na kuna maziwa na matunda yanabanana na nyama, bora usubiri wikiendi nyingine.

Usiku kabla ya kulala niliiangalia nikakuta matone ya maji juu ya ngozi, kama jasho. Hiyo ni chumvi imevuta maji kutoka ndani, na ndo kazi yake. Nikayafuta kwa tishu nikairudisha. Wengine wanaona yale matone wanadhani nyama imeharibika, hapana, ila ukiyaacha yakabaki pale na asubuhi ukaitia kwenye oveni hivyo hivyo, chumvi yote ile itakuwa haina maana.

Jumapili asubuhi ngozi ilikuwa imebadilika rangi, imekuwa kama ya njano iliyofifia na inang'aa kidogo, na nikiigonga kwa ukucha inalia tok tok. Hapo nikajua. Masaa 24 yanatosha kwa kipande kama hiki. Niliwahi kuacha siku nne nikidhani kadri inavyokauka ndo itakavyokuwa nzuri, ikatoka ngumu kama plastiki, malengelenge madogo madogo na ukiitafuna unaogopa jino, maana kolajeni nayo inahitaji unyevu kidogo ilainike kabla ya kukauka. Tangu hapo sipitishi siku mbili.

Nyama niliitoa friji kama saa moja kabla, nikafuta chumvi iliyobaki juu, nikapaka mafuta ya kula kiasi cha kijiko cha chai kwa kiganja, safu nyembamba sana, afu chumvi mpya ya unga laini, kidogo. Mafuta yale yanasaidia joto lishike ngozi yote sawasawa, hayatakiwi kuwa mengi kwa sababu nyama yenyewe ina mafuta ya kutosha na baada ya dakika chache yataanza kutoka na kuikaanga ngozi kutokea chini.

Halafu kuna kuisawazisha. Nyama ya tumboni ikiwa juu ya trei mara nyingi inakaa kama bonde, katikati imeshuka au upande mmoja umelala. Sehemu iliyoshuka inakusanya mafuta na maji na haitavimba. Nakunja foili kama mpira nasukumiza chini ya pale palipobonyea mpaka ngozi inakuwa usawa mmoja kama meza. Hii ni kazi ya dakika mbili na siku hiyo kona moja sikuifanya vizuri, nitarudi hapo.

Oveni niliiwasha digrii 240 bila feni na kuiacha dakika 30 ishike moto kabla sijaweka kitu. Kama oveni yako ni ya feni weka 220, upepo wa feni unapeleka joto kwa nguvu zaidi. Na hapa nimwombe kila mtu anunue kile kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani ya oveni, bei yake si kubwa. Nyumba yangu ya kwanza ya kupanga huku swichi ya oveni ilikuwa inasema 240 na ndani ilikuwa 205, niligundua baada ya miezi, na miezi yote hiyo nilikuwa nalaumu nyama. Kwenye 205 ngozi inabadilika rangi kabla haijavimba, na ikishakuwa kahawia bila malengelenge mtu anaogopa kuunguza anapunguza moto, na mchezo umeishia hapo.

Nyama ikaingia. Dakika kumi za kwanza hakuna kinachoonekana. Kama dakika ya 15 unaanza kusikia, yanapasuka yanapasuka, kama bisi zinazoanza taratibu, na kupitia kioo unaona kwenye kingo za mikato vitu vidogo vimeinuka. Dakika ya 25 karibu robo tatu ya ngozi ilikuwa na malengelenge, na niliiacha mpaka dakika 35. Moshi utakuwepo kidogo kwa sababu mafuta yanadondoka kwenye trei yenye moto, fungua dirisha, ila usifungue mlango wa oveni kila dakika kuchungulia kwa sababu joto lote linatoka na unahitaji ile nguvu ya mwanzo iwe mfululizo.

Dakika ya 35 nikashusha mpaka 160, nikafungua mlango nikamimina kikombe kimoja cha maji ya moto na vitunguu vilivyokatwa kwenye kona ya trei, chini ya waya, bila tone kugusa ngozi. Maji haya yanafanya mafuta yasiungue na vilevile ndo utapata mchuzi. Hayawi mengi, sentimita 1 kwenda chini, ukijaza trei umejenga bafu la mvuke. Na hakuna kumwagia mafuta juu ya ngozi kama watu wanavyofanya kwa kuku, na hakuna foili.

Baada ya hapo ni masaa mawili na dakika 15 ya kuiacha. Watu wengi wananiuliza kama ngozi ishavimba kwa nini usitoe. Kwa sababu nyama ya tumboni ina tabaka za nyama na mafuta na kamba kamba, na hizo kamba nazo ni kolajeni, hazilainiki kwa dakika 40 hata ufanyeje. Ukiitoa mapema utakuwa na ngozi nzuri juu ya mafuta ya mpira na nyama ya kuvuta na mikono. Kwenye joto la 160 nyama inapanda polepole, mafuta yanayeyuka yanashuka kwenye trei, na ngozi juu inaendelea kukauka ndani zaidi kwa sababu hewa ya oveni ni kavu, zile sehemu zilizokuwa bado zinavutika katikati ya malengelenge zinamaliziwa humo. Nyama naitoa kipimajoto chake kikisoma kama 90 ndani, na kisu kikiingia kama kwenye parachichi lililoiva. Kwa usalama nyama inakuwa imeiva zamani kabla ya hapo, wale wenye wasiwasi wa minyoo ya tegu kwenye nguruwe wasiogope nyama iliyofika 90, ila nyumbani bado nunueni ile iliyopigwa mhuri wa ukaguzi.

Kuna wapishi wanaofanya kinyume, wanaanza na moto mdogo masaa yote halafu moto mkali mwisho. Nimejaribu, inakubali, na malengelenge yanatoka makubwa kwa sababu kolajeni yote ishalainika. Ila mi nimebaki na moto mkali mwanzo, kwa sababu mbili. Mwisho nyama ishaiva na imelainika, ukaipiga dakika 30 nyingine za 240 kingo zinakauka, na wageni wakiwa mezani wanakungoja unakuwa na haraka na ngozi inaungua ukiwa umegeuka kuchota viazi. Ukianza na mkali unaona mapema kama ngozi imekubali, na kama kuna sehemu imekataa una masaa mawili ya kufikiria utaifanyaje.

Na kweli kuna sehemu ilikataa. Kona ile niliyosema, haikuwa imesawazishwa, ilikuwa imeinama kama sentimita 2, na pale ngozi ilibaki bapa, inang'aa, rangi ya ngozi ya kiatu. Unavyojua ni rahisi, chukua mgongo wa kijiko ugonge ngozi yote. Ilipovimba inalia kavu, kama unagonga kibuyu, na isipovimba sauti inazama. Nyama ilipofika 90 niliwasha grili ya juu, nikafunika sehemu zilizokwisha kuwa tayari na vipande vya foili, nikaacha kona ile tu wazi, nikainyanyua kwa foili iliyokunjwa chini yake, nikasimama pale na taa ya simu mkononi, sikuondoka. Dakika ya 3 ikaanza kunyanyuka, dakika ya 6 ilikuwa imejaa malengelenge. Dakika moja zaidi ingekuwa mkaa, kwenye grili hakuna nafasi ya kujibu meseji.

Ikapumzika dakika 25 juu ya ubao, wazi, kwa sababu ukifunika nyama ya moto mvuke wake unarudi juu na ngozi inalegea ndani ya dakika chache, kazi ya siku mbili inapotea mezani. Kukata niliigeuza ngozi chini nyama juu, nikatumia kisu cha mkate chenye meno, nikipita kwenye nyama laini kwanza afu nikibonyeza mara moja kwenye ngozi. Ukianza na ngozi juu kisu kinaiponda na mafuta yanatokea pembeni.

Shemeji hakuwepo siku hiyo, alisharudi. Nikamtumia video ya kisu kinapita, sauti tu ilimtosha, akanipigia simu akaniambia, "Shem, hiyo uje utufanyie huku Desemba, bibi yenu naye aione."

Ndo nikaenda. Na Moshi nilijifunza kitu kipya kabisa, kwa sababu jiko la pale nyumbani ni la gesi, oveni moto wake unatoka chini tu, grili ya juu ilikufa siku nyingi, na swichi ina namba 1 hadi 8 hakuna digrii. Kipimajoto changu nilikuwa nimekibeba kwenye begi. Nyama tuliichukua bucha asubuhi ya tarehe 24, kilo 2 kasoro, ngozi ipo na imekwanguliwa ila vinyweleo vimebaki huku na huku, nikavinyoa kwa wembe mpya, maana vikibaki vinaungua vinatoa harufu mbaya na vinachoma ulimi. Tukachanja, tukatia chumvi, tukaiweka friji. Sasa ile friji ni ya zamani, ile inayoganda barafu ukutani, na niligundua kwamba haikaushi kama ya huku ambayo ina feni ndani inayozungusha hewa kavu. Asubuhi ya Krismasi ngozi ilikuwa imekauka nusu, kidole kilikuwa bado kinanata kidogo. Nikaifuta tena kwa tishu, nikachukua feni ya mezani nikaielekeza juu yake dakika 40 nikiwa nimesimama hapo kufukuza nzi. Si zaidi ya hapo, kwenye joto la kawaida nyama mbichi haitakiwi kukaa.

Oveni ikiwa namba 8 ilifika 230, lakini ilichukua dakika 45. Tukaweka nyama kichanja cha juu kabisa, kwa sababu moto wa chini unaivisha tumbo la nyama wakati ngozi bado inasubiri, na joto linapanda juu. Gesi nayo ikiungua inatoa mvuke wa maji, hilo nilikuwa silijui mpaka nilipouona umekaa kwenye kioo, kwa hiyo nikawa nafungua mlango kila baada ya dakika 15 kwa sekunde chache mvuke utoke nafunga, kinyume kabisa na ninavyofanya huku. Dakika 50 za moto mkali badala ya 35. Ikawa imevimba kingo zote, katikati bado. Nikashusha mpaka namba inayosoma 160 nikaiacha masaa mawili na nusu, nyama ikaiva, katikati pale bado inang'aa vilevile, nikigonga sauti inazama, na sina grili.

Nikawa nimesimama na trei mlangoni, mama akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia, "Mama, inataka moto wa juu, na hili jiko moto wake wote uko chini." Akanitazama, akasema, "Mwanangu, kwani wali tunaupaliaje?"

Makaa yalikuwepo yamewaka tayari, wanachoma ndizi. Tukaiweka nyama kwenye sufuria pana, tukaweka mawe matatu madogo safi kwenye mdomo wa sufuria ili mfuniko usizibe kabisa na mvuke upate pa kutokea, juu tukaweka ule mfuniko bapa wa bati, na mama akaupalia makaa mekundu kwa koleo, akiyasogeza yakusanyike katikati pale pale nilipomwonyesha. Mfuniko ulikuwa umeachana na ngozi kama vidole vinne. Chini ya sufuria hapakuwa na moto. Dakika ya 5 tukasikia. Watoto walikuja kuuliza nini kinapasuka. Mama akainua mfuniko kwa kitambaa akachungulia, akaurudisha, akasogeza makaa mawili upande wa kushoto, akasema bado hapa. Dakika ya 11 tukatoa.

Shemeji ndo aliyekata, nilimwonyesha kuigeuza ngozi chini, na kisu kilipobonyeza mara ya kwanza kila aliyekuwa uani aligeuka. Kipande cha kwanza kilienda kwa mama, akakitafuna taratibu akiwa bado ameshika koleo, akaniambia ile chumvi ingepungua kidogo, akanyoosha mkono akachukua kingine.